Ufunguo Ulio Mkononi mwa Mwingine

Wengi wa jamaa zetu walioko Kisii na Nyamira walifunguliwa akaunti ya kodi, iTax, na vijana wa saiba. Kwa kuwa mteja hakuwa na barua pepe, kijana aliandika yake. Kazi ilikwisha siku hiyo hiyo, lakini ufunguo ukabaki kwake.

Tumchukulie mama mfanyabiashara wa nguo pale Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili. Kila mwaka kijana yule humjazia ritani, mpaka siku anapohama asijulikane aliko. Mwisho wa Juni unakaribia. Asiyewasilisha ritani hadi tarehe 30 hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Mama anabonyeza `Forgot Password`, anaingiza PIN yake, na mtandao unamwarifu kwamba ujumbe umepelekwa. Umepelekwa, naam, lakini kwa kijana. Kurudia mara kumi hakutamletea kitu.

Kwanza ajifungulie barua pepe yake mwenyewe, katika simu yake, na nywila aihifadhi. Kisha achukue kitambulisho chake halisi na namba ya PIN, aende Huduma Centre, ya Kisii au ya Nyamira, iliyo karibu naye. Afike kwenye dawati la Mamlaka ya Mapato, KRA, aombe kubadilishiwa barua pepe. Hiyo ndiyo kauli ya kutamka. Akisema tu kwamba amesahau nywila, huenda akaelekezwa kule kule alikotoka. Aende mwenyewe, maana anayethibitishwa pale ni mwenye kitambulisho.

Anwani ikishabadilishwa, arudie `Forgot Password`. Safari hii nywila ya muda itaingia kwake. Asipoiona, atazame pia sanduku la barua taka. Akishaingia aweke nywila mpya, kisha afungue `View Filed Return` asome alichojaziwa miaka iliyopita. Si ajabu akute ritani za sifuri ilhali duka lilikuwa wazi mwaka mzima. Hilo aliulizie KRA kabla ya kujaza ya mwaka huu.

Aliyepoteza simu tu, kazi yake ni nyepesi zaidi. Apige `*106#` katika laini yake nyingine ya Safaricom aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya zamani ikiwamo, aombe laini mbadala yenye namba ile ile, na ujumbe wa uthibitisho wa eCitizen utamfikia kama kawaida. Ikiwa haimo, huenda hiyo namba si yake tena, na huenda mtu mwingine ndiye anayepokea ujumbe huo. Basi aende na kitambulisho Huduma Centre, aombe namba ibadilishwe katika eCitizen. Asidhani kwamba kurekebisha iTax kumerekebisha na eCitizen. Hizo ni akaunti mbili, na kila moja ina anwani zake.