Koenzaimu Q10, vitamini D na maumivu ya misuli kwa wanaotumia statini

Statini ni dawa za kupunguza kolesteroli, yaani lehemu, katika damu, na hivyo kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Miongoni mwake ni simvastatini, atovastatini na rosuvastatini. Baadhi ya wanaozimeza hulalamika kuwa mapaja au mabega yanauma, yanakaza au yanakosa nguvu, na wengine huziacha kabisa kwa sababu hiyo. Virutubisho viwili hupendekezwa mara nyingi ili kuwasaidia: koenzaimu Q10 na vitamini D.

Hoja ya kutumia Q10 ina mantiki. Ini hutengeneza kolesteroli kwa hatua nyingi, na statini huzuia mojawapo ya hatua za mwanzo. Njia hiyohiyo hutumika kutengeneza Q10, ambayo seli huihitaji ili kuzalisha nishati. Ni kweli kwamba kiwango cha Q10 katika damu hushuka mtu anapotumia statini. Lakini Q10 husafiri katika damu ikiwa imebebwa na chembe zilezile zinazobeba kolesteroli, hivyo chembe hizo zikipungua nayo hupungua. Kushuka huko hakuthibitishi kwamba misuli yenyewe imepungukiwa, na waliopima vipande vya misuli wamepata majibu yanayotofautiana.

Majaribio ya mwanzo yalikuwa madogo na hayakukubaliana. Mwaka 2007, jaribio la watu 32 lilionyesha kuwa miligramu 100 za Q10 kwa siku zilipunguza maumivu kwa asilimia 40 ndani ya mwezi mmoja. Mwaka huohuo, jaribio jingine la watu 44, waliopewa miligramu 200, halikuona tofauti yoyote.

Jaribio lililopangwa kwa uangalifu zaidi lilifanyika katika Hospitali ya Hartford, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Watafiti walianza na watu 120 waliowahi kuumwa misuli walipotumia statini. Kila mmoja alipewa simvastatini miligramu 20 kwa wiki nane, na kwa wiki nane nyingine vidonge bandia visivyo na dawa, bila kujua anameza kipi wakati gani. Ni watu 41 tu walioumwa walipokuwa kwenye simvastatini na kupata nafuu kwenye vidonge bandia. Waliobaki ama hawakuumwa kabisa, ama waliumwa hata walipokuwa hawamezi dawa.

Waliothibitika ndio walioingia hatua ya pili. Walirudishiwa simvastatini, nusu wakiongezewa miligramu 600 za Q10 kwa siku na nusu vidonge bandia. Kiwango cha Q10 katika damu kilipanda takriban mara nne, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa kirutubisho hakikuingia mwilini. Hata hivyo maumivu hayakupungua kuliko kwa wenzao.

Vitamini D ilipata umaarufu kwa njia nyingine. Upungufu wake mkubwa hudhoofisha misuli hata kwa asiyetumia statini, na madaktari waliripoti wagonjwa waliopona baada ya kuongezewa. Lakini ripoti hizo hazikuwa na kundi la kulinganisha. Ulinganisho ulipatikana katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL, ambapo watu 2,083 walianza statini wakiwa tayari wamepangiwa kwa bahati nasibu vitamini D uniti 2,000 kwa siku au vidonge bandia. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa asilimia 31 ya kila kundi waliripoti matatizo ya misuli, na asilimia 13 ya kila kundi waliacha statini. Hata kwa wachache walioanza na kiwango cha chini cha vitamini D, tofauti haikuonekana.

Kwa nini basi wapo wanaoapa kuwa virutubisho viliwaponya? Maumivu ya misuli huja na kuondoka yenyewe, na matarajio ya mtu nayo huyaongeza au kuyapunguza. Asiyelinganishwa na mwingine hawezi kujua ni lipi lililomsaidia.

Anayeumwa hutafutiwa chanzo. Daktari hupima kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, huchunguza tezi ya shingo, na huuliza dawa nyingine zinazotumika, kwa kuwa klarithromaisini na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupandisha kiwango cha simvastatini katika damu. Statini inaweza kusimamishwa kwa wiki chache, kisha kurudishwa kwa dozi ndogo au kubadilishwa. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawia iliyokoza pamoja na udhaifu mkubwa wa misuli, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo. Mwenye upungufu wa vitamini D atibiwe upungufu huo kwa faida ya mifupa yake. Kwa maumivu ya statini, ushahidi bora uliopo hauungi mkono kununua kirutubisho chochote kati ya hivi viwili.