Picha ya Pilau na Rangi ya Turubai

Saa saba mchana siku ya Idi, pilau inapakuliwa uani chini ya turubai la buluu, na kila mwenye simu anaitoa. Jioni picha zinatumwa kwenye kundi la ukoo. Wali uliokuwa umekolea rangi ya kitunguu kilichokaangwa vizuri unaonekana wa kijivu, nyama ya mbuzi imepauka, na nyanya za kachumbari zimegeuka zambarau. Mpishi hana kosa, na simu nayo haina kosa kubwa. Kilichoharibu picha ni turubai.

Jua likipita kwenye turubai la rangi, mwanga unaofika chini hubeba rangi hiyo hiyo. Vyakula vyetu vingi vya sherehe, kama pilau, sambusa, nyama choma na chapati, ni vya hudhurungi, yaani vina wekundu na umanjano ndani yake, na mwanga wa buluu huuzima wekundu huo. Turubai la kijani naliona baya zaidi, kwa kuwa nyama hufanana na iliyolala. Lile jeupe halina shida.

Namna rahisi ya kutambua ni kuweka sahani nyeupe tupu mahali unapotaka kupigia picha, kisha kuitazama kwenye kioo cha simu. Ikionekana nyeupe, chakula kitatoka na rangi yake. Ikiwa na ubuluu au umanjano, hama. Mara nyingi huhitaji kwenda mbali: meza ndogo kwenye kivuli cha baraza, au ndani karibu na mlango ulio wazi, inatosha. Jua la utosini saa hizo haliingii moja kwa moja, kwa hiyo mwanga wa mlangoni ni mpole na hauchomi picha. Alasiri jua likianza kupenya, shusha pazia jepesi jeupe.

Ukiwa ndani, zima taa. Wenyeji watasema chumba kimekuwa giza, lakini taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirishani, upande mmoja wa sahani huwa wa machungwa na wa pili wa buluu, na hapo hakuna namna ya kurekebisha pande zote mbili. Simu itamudu mwanga hafifu ukiituliza, viwiko vikiwa juu ya meza. Taa ya simu yenyewe usiiwashe. Mwanga wake hutoka pale pale ilipo kamera, hivyo hufuta vivuli vidogo vinavyotenganisha punje na punje, na mafuta hubaki kuwa madoa meupe yanayometa.

Weka sahani ili mwanga uijie kutoka ubavuni, nawe usisimame kati yake na mlango. Upande ulio mbali na mlango ukiwa mweusi mno, mtu ashike kitambaa cheupe karibu na sahani, nje kidogo ya picha. Utaona nyama ya upande huo ikijitokeza.

Haya yote yafanyike sahani ikiwa bado tupu, kwa sababu pilau ya mbuzi haisubiri. Ikipoa, mafuta huganda kuwa utando mweupe juu ya nyama, na wali wa juu hukauka. Mahali pakishakuwa tayari, ndipo unapomwambia aliye jikoni, "Shangazi, naomba unipakulie moja ya picha." Apakue kidogo kuliko anavyompakulia mgeni, na ukingo wa sahani ubaki wazi upana wa vidole viwili. Vipande viwili au vitatu vya nyama vikae juu, si kuzikwa ndani ya wali. Kachumbari ichujwe maji na iwekwe kwenye kibakuli chake, la sivyo maji mekundu hutambaa hadi kwenye wali. Mwisho, pitisha kitambaa kibichi kilichokamuliwa kwenye ukingo. Tone moja la mchuzi lisiloonekana mezani huwa ndilo jicho linaloliona kwanza kwenye picha.

Futa na lenzi, maana vidole vya siku ya Idi vina mafuta, na picha yenye ukungu mara nyingi inatokana na hayo. Mvuke mzito uache upungue kwanza. Sahani ipige kutoka usawa wa macho ya mtu aliyeketi kula. Sinia zima lipige kutoka juu kabisa, kabla mkono wa kwanza haujaingia.

Usiku ni mgumu zaidi. Penye taa za aina mbili, acha ya aina moja tu, iliyo nyeupe zaidi, na sahani ikae pembeni yake badala ya chini yake. Kwa futari, vyakula vingi huwa vimeshaandaliwa kabla ya adhana ya magharibi, na dirishani bado pana mwanga. Piga hapo.