Kabla afisa afya hajabisha hodi kwenye mgahawa wako

Unataka kufungua mgahawa mdogo mjini Morogoro? Anza kwa kupata namba ya mlipakodi kutoka TRA, kisha omba leseni ya biashara Manispaa kupitia mfumo wa TAUSI. Afisa afya atakuja kukagua, hivyo shughulikia mapema mambo mawili.

Kwanza, wapishi na wahudumu wapimwe afya, na warudie kila baada ya miezi sita. Aliyepona homa ya matumbo anaweza kubaki na vimelea mwilini bila kuumwa, akamwambukiza mtoto wako au wa mteja. Anayeharisha asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu kuharisha kukome.

Pili, maji. Mvua zikinyesha Uluguru, mito hushuka na tope, na tope hudhoofisha dawa ya klorini. Acha maji yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyatie dawa au uyachemshe. Pa kunawia weka ndoo yenye koki na sabuni. Beseni moja la wote huhamisha uchafu mkono hadi mkono.

Ukikutwa na kasoro, omba ziandikwe pamoja na tarehe ya ukaguzi wa marudio.