Wakutanao wawili, alaye ni wa tatu

Anayeuza pikipiki kupitia tangazo la mtandaoni akichagua kukutana na mnunuzi Kapsoit, amechagua vizuri. Kituo kiko kando ya barabara kuu ya Kericho na Kisumu, kuna maduka, mawakala wa M-Pesa na vijana wa bodaboda ambao hawakosi kuona mgeni akishuka kwenye matatu. Tovuti za matangazo kama Jiji na PigiaMe huwashauri wateja wao jambo lilo hilo: kutana na mtu mchana, mahali penye watu, na usitume pesa kabla hujaiona mali. Ushauri huo umewaokoa wengi. Lakini kuna wizi mmoja ambao hupita katikati ya masharti hayo yote bila kuyavunja. Muuzaji ni mwaminifu, mnunuzi ni mwaminifu, wamekutana saa nne asubuhi mbele ya kadamnasi, mali ni halali, na bado mmoja wao anarudi nyumbani mikono mitupu.

Hivi ndivyo unavyopangwa. Tuseme mkulima wa chai anauza Boxer BM150 iliyotumika. Anapiga picha, anaweka tangazo, bei shilingi 85,000. Jioni anapigiwa simu na mtu mpole asiyebishana sana kuhusu bei. “Mzee, nimeipenda. Atakuja shemeji yangu kuiangalia, yeye ndiye atakayeiendesha. Ila nakuomba, usimtajie bei. Tuna mambo yetu ya kifamilia kuhusu pesa, nitakulipa mimi mwenyewe.” Mkulima haoni ubaya. Familia zina mambo yake.

Usiku huohuo mpigaji simu anachukua zile picha na kuzitangaza upya kwa jina lake, bei 60,000. Kijana mmoja wa Ahero anaona bei hiyo na hataki imponyoke. Anapiga simu, anaambiwa: “Mimi niko Nairobi kikazi, pikipiki iko kwa mjomba wangu Kapsoit. Nenda uikague. Lakini usizungumze naye habari za bei, ataanza kutaka kitu kidogo.” Kijana naye haoni ubaya, kwa maana ni nani asiye na mjomba kama huyo?

Basi wanakutana. Kijana amekuja na fundi wake, kama inavyopaswa. Fundi anainama kwenye shingo ya usukani, anasugua matope kwa kidole gumba na kusoma namba ya chesisi, kisha anasoma namba ya injini ubavuni. Zote zinalingana na logibuku. Anaiwasha ikiwa baridi, anasikiliza mlio, anatazama moshi. Hakuna kasoro. Kijana anasogea pembeni, anampigia “mwenye mali”, anapewa namba na kutuma 60,000. Dakika hiyohiyo simu ya mzee inalia: ujumbe wenye sura ya M-Pesa, umepokea 85,000. Au hauji ujumbe wowote, inakuja simu tu: “Pesa iko njiani, mzee, mpe tu aende.”

Kama mzee ataachia funguo kwa sababu ya ujumbe bandia, aliyeibiwa ni yeye. Akikagua salio na kukuta hakuna kitu, aliyeibiwa ni kijana. Na hapo ndipo hatari ya mwili inapoanza. Kijana mgeni ameshikilia usukani akilia kwamba amelipa, mwenyeji ameshikilia kiti akisema hajalipwa, na wamezungukwa na watu wa steji ambao wanamfahamu mmoja tu kati yao. Neno “mwizi” likitamkwa kwa sauti katika mazingira hayo, hakuna atakayeomba kuona rekodi ya muamala. Kule hadharani tulikosema kuna usalama kunageuka kuwa mahali pabaya kuliko vichakani. Ndiyo maana mimi hupendelea mauzo ya kitu cha thamani hiyo yamalizikie ndani ya benki mjini Kericho, au karibu na kituo cha polisi. Huko Marekani baadhi ya vituo vya polisi vimetenga sehemu za kuegesha zenye kamera, mahsusi kwa watu wanaouziana vitu vya mtandaoni. Kwetu hakuna haja ya kungoja kibao kama hicho, ua wa kituo upo.

Tazama mtego wenyewe unasimama juu ya nini: ukimya kuhusu bei. Tapeli anahitaji watu wawili wasimame hatua moja mmoja kutoka kwa mwingine bila kutaja kiasi. Kwa hiyo dawa ni maswali mawili yanayoulizwa kwa sauti kabla hata kofia haijavuliwa: “Umeambiwa unainunua kwa pesa ngapi?” na “Utamlipa nani?” Jibu la kwanza likiwa 60,000 na tangazo lako lilisema 85,000, mchezo umeisha na hakuna aliyepoteza chochote isipokuwa nauli. Mtu yeyote anayekutaka usizungumze bei na yule unayekwenda kukutana naye, awe amejiita shemeji, mwajiri au mjomba, ameshajitambulisha.

Swali la pili lina uthibitisho wake kwenye karatasi na kwenye simu. Jina la anayeuza linapaswa kuonekana mahali patatu: kwenye kitambulisho chake, kwenye rekodi ya pikipiki ya NTSA, na kwenye M-Pesa kabla hujathibitisha malipo. Rekodi ya NTSA mnunuzi huipata mwenyewe kwa kutafuta namba ya usajili kupitia eCitizen, kwa ada ambayo imekuwa shilingi 550. Ifanye kabla ya safari, usiachie hadi mko barabarani. Na M-Pesa ina huduma ya Hakikisha, inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka na kukupa nafasi ya kusitisha. Kijana wa Ahero angelisoma jina hilo polepole, kisha akamwomba mzee kitambulisho, angegundua kwamba anamlipa mtu mwingine kabisa.

Shida ni kwamba vijijini majina mara nyingi hayalingani hata pale ambapo hakuna wizi. Pikipiki imeuzwa mara mbili kwa maneno tu na logibuku bado iko kwa jina la mmiliki wa kwanza. Au ilinunuliwa kwa mkopo, na rekodi inaonyesha jina la kampuni iliyokopesha pamoja na la mkopaji. Hali ya pili haina mjadala: hadi kampuni iondoe jina lake, muuzaji hana mamlaka kamili ya kuuza, na pikipiki nyingi za mkopo hufungwa kifaa cha kufuatilia zilipo. Hali ya kwanza inaweza kurekebishwa, ila kwa njia moja tu ninayoiamini: aliyeandikwa kwenye rekodi aje mwenyewe siku ya mauzo. Kama hapatikani, achana nayo hata bei iwe tamu vipi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na adhabu yake inafika miaka 14. Bei ya kutupwa na jina lisilolingana ni mambo ambayo mwendesha mashtaka atapenda sana kuyataja.

Upande wa muuzaji, ujumbe kwenye simu si pesa. Ujumbe halisi hutoka kwa mtumaji anayeonekana kama MPESA na huingia kwenye mfululizo wa jumbe zako za zamani. Bandia nyingi hutoka kwa namba ya kawaida, na mara nyingi salio lililoandikwa mle halina uhusiano na ulichokuwa nacho. Lakini usijifanye mtaalamu wa kusoma maandishi. Fungua *334# au programu ya M-Pesa na utazame salio lako. Pesa ikiwa imeingia kweli, kuna jambo jingine: aliyetuma anaweza kuomba irudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 na kudai alikosea namba. Kinga yako ni mkataba mfupi wa mauzo uliotiwa saini palepale, wenye majina, namba za vitambulisho, namba ya chesisi, kiasi na ile nambari ya muamala. Mkiwa nao, hakuna anayeweza kusema pesa ilipotea njia.

Mnunuzi naye asije na pesa taslimu mfukoni, na ikiwezekana hata simu yake isiwe na pesa hiyo. Namba ya siri hutolewa upesi mtu akishikiwa panga. Aiache kwa mke, mume au ndugu aliye nyumbani, wakubaliane sentensi ya kawaida yenye maana yao. Akisema “majani yamechumwa”, pesa itumwe kwa jina walilokubaliana. Akisema “huku mvua imeanza”, isitumwe, na jirani ajulishwe. Huko Kericho sentensi ya pili haitamshtua mtu yeyote, mvua ya alasiri ni mwenyeji. Hiyo pia ni sababu ya kukutana asubuhi na si saa kumi, kwa kuwa mvua huwafukuza mashahidi wote chini ya mabati.

Kuhusu kuijaribu pikipiki, wauzaji wengi hujiona wajanja kwa kuacha mafuta kidogo kwenye tangi. Boxer hula lita moja kwa kilomita 50 au zaidi. Robo lita inampeleka mwizi zaidi ya kilomita kumi, na kutoka Kapsoit barabara yateremka kuelekea Awasi na Ahero. Kitambulisho alichokuachia huenda si chake. Kinachofaa ni fundi wako aendeshe na mnunuzi apande nyuma, au mnunuzi aendeshe mwenyewe baada ya pesa yote kuonekana kwenye salio lako, kwa makubaliano kwamba atarudishiwa asiporidhika.

Na kama tayari kijana amekwisha kutuma 60,000 kwa yule wa tatu? Apeleke ule ujumbe kwa 456 papo hapo, kabla ya kubishana na mtu yeyote. Pesa ambayo bado haijatolewa inaweza kuzuiwa, iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni habari nyingine. Kisha yeye na mzee waende polisi wakiwa pamoja, wote wawili kama walalamikaji, wakapate namba ya OB. Wapeleke namba za simu zote mbili alizotumia tapeli, picha ya tangazo bandia kabla hajalifuta, na jina lililotokea wakati wa kutuma. Jina hilo huenda ni la mtu aliyesajiliwa laini bila kujua. Hata hivyo laini ilipokea pesa mahali fulani, na ikatolewa kwa wakala fulani saa fulani, na hayo yanaweza kufuatiliwa.

Mauzo yakienda sawa, kuna kazi moja ya siku hiyohiyo. Muuzaji huanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA, mnunuzi anaukubali kwenye yake na kulipa ada. Sheria ya Trafiki inampa mmiliki mpya siku 14 za kutumia chombo barabarani kabla ya kusajiliwa. Mzee asizingoje. Pikipiki ikigonga mtu Kipsitet Jumatatu, jina ambalo polisi watalisoma kwenye rekodi bado ni lake.