Wafanyakazi Wanane, Tathmini Nane

Msimu wa tathmini ukifika, msimamizi mwenye watu wanane huandika ya kwanza kwa makini, ya pili haraka haraka, na kuanzia ya tatu ananakili. Wafanyakazi nao huoneshana fomu. Wakikuta wote "wanajituma na kushirikiana na wenzao", hakuna anayeiamini tena.

Kujiwekea akiba ya sentensi si kosa. Kosa ni kuweka akiba ya sifa. "Anafanya kazi vizuri" ikigeuzwa "vizuri sana", daraja limepanda kwa neno moja tu, na sentensi bado inamfaa yeyote. Hifadhi tendo, kisha acha nafasi za kujaza.

Mchukue mtunza ghala wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kigezo kikiwa usahihi wa kumbukumbu za mzigo. Daraja la kati: "Hesabu ya …… ililingana na daftari; tofauti ya …… aliieleza alipoulizwa." Linalofuata juu: "Aligundua mwenyewe tofauti ya ……, akatafuta chanzo, akairekebisha kabla ya ……" La juu kabisa: "Alibadili utaratibu wa ……, na tangu hapo …… haijajirudia, hata kwenye zamu asiyokuwepo." La chini: "Tarehe …… mzigo ulipungua ……, alielekezwa ……, tarehe …… kosa lilijirudia."

Kinachopanda hapo ni tendo lenyewe: huyu anasubiri kuulizwa, yule anagundua mwenyewe, wa tatu anazuia kosa lisitokee. Sasa jaza: "Aligundua mwenyewe upungufu wa mifuko 14 ya saruji mwezi Machi, akabaini gari moja lilipakiwa bila hati, akarekebisha daftari kabla ya hesabu ya robo mwaka." Mwenzake wa daraja hilohilo atakuwa na habari ya rangi au nondo, na fomu zao hazitafanana.

Nafasi zikikosa cha kujazwa, usiilaumu sentensi. Msimamizi hakuweka kumbukumbu mwaka mzima. Mistari miwili kila wiki kwenye daftari ingetosha. Ukimaliza kuandika, ziba jina na usome: kama maneno yanamfaa mtu mwingine, hujajaza. Kiswahili hakitakushtua, maana "aligundua" ni ya mwanamke na mwanamume.

Namba ya daraja usiiweke ndani ya sentensi. Katika MWAMTUKA, mfumo wa tathmini ya wazi uliotumika serikalini Tanzania, 1 ndiyo ilikuwa ya juu. Kampuni nyingi huweka 5 juu.

Daraja la chini ndilo la kuandikwa kwa uangalifu kuliko yote. Kanuni za ajira za Tanzania za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji hafifu, achunguze sababu, amwelekeze na kumpa muda wa kutosha kujirekebisha. Shauri likifika mbele ya msuluhishi, sentensi ya kunakili haina tarehe hata moja ya kuonesha hayo yalifanyika.