Je, Wajua? Mapepa ya Nyuma Hutuliza Moyo

Je, wajua kwamba maswali matano tu yanatosha kukuvusha kwenye Hisabati ya Kidato cha Nne? Sehemu A ina maswali 10, kila moja alama 6. Patia matano yote sawasawa, una alama 30, na D inaanzia hapo hapo kwenye 30!

Soma tena polepole, ndugu yangu wa Kabuku, wa Mkata, wa Mombo na wa Hale: matano kati ya maswali 14 ya pepa zima. Lakini mwaka 2022, nchi nzima, ni kama mtahiniwa 1 tu kati ya 5 aliyefaulu somo hilo. Kuna topiki ambazo hazikufundishwa, kuna vitabu vilivyokosekana, hayo yapo. Ila kuna na hofu, na hofu hiyo ina dawa inayopatikana bure.

Je, wajua hofu inakuibia nini? Inakula ile nafasi ya akili unayotumia kushika tarakimu wakati unapiga hesabu. Fomula unaijua, jana umeiandika mwenyewe, lakini leo mbele ya msimamizi haiji.

Haya, sikia hii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwakusanya watu 120 wakawapa orodha ya maneno na picha za kushika. Nusu walirudia kusoma. Nusu walijipima, yaani walifunika na kujaribu kukumbuka. Kesho yake baadhi yao walitiwa hofu: wakahutubia na kupiga hesabu mbele ya watu wanaowakodolea macho. Waliorudia kusoma wakapoteza mengi. Waliojipima wakakumbuka sawa na wenzao waliokaa kwa utulivu!

Umeona? Hofu ilikuja ile ile kwa makundi yote mawili. Ila aliyezoea kuvuta jibu kutoka kichwani mwake, jibu lilimjia hata alipokuwa anatetemeka.

Na hii je? Mwaka 2014 wanafunzi 1,408 wa sekondari za Marekani waliulizwa kuhusu majaribio madogo madogo waliyokuwa wakifanya darasani. Asilimia 72 walisema yamewapunguzia wasiwasi wa mtihani. Watu wangedhani mitihani mingi huongeza hofu, kumbe inategemea mitihani ya namna gani.

Hapo ndipo penye siri yenyewe, kwa hiyo sogea karibu. Jaribio linalotuliza ni lile ambalo ukikosa hupotezi kitu. Halina nafasi ya kwanza wala ya mwisho, hakuna majina yanayosomwa mbele ya mstari, na fimbo haipo kabisa. Mwalimu akichapa kwa alama za zoezi, basi hilo si zoezi tena. Ameongeza mtihani mwingine wa kuogopwa, na moko na ujirani mwema tayari vipo kwa kazi ya kupima.

Je, wajua kusoma daftari mara nne kunakudanganya? Mwaka 2006 huko St. Louis, wanafunzi waliosoma habari na kuirudia walikumbuka asilimia 81 baada ya dakika tano, na waliojipima asilimia 75. Subiri wiki moja sasa: waliorudia wakabaki na 42, waliojipima wakabaki na 56. Msuli wa usiku mmoja unashinda usiku huo tu, na Baraza la Mitihani halikutahini usiku huo.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Pepa la Hisabati lina saa 3, yaani dakika 180, kwa alama 100. Toa dakika 10 za kusoma pepa lote mwanzoni na 10 za kukagua mwishoni, zinabaki 160. Swali la alama 6 linapata dakika tisa na nusu hivi, na la Sehemu B lenye alama 10 linapata dakika 16 kamili.

Kwa hiyo swali moja la Sehemu A linaisha kabla maharage hayajachemka vizuri jikoni! Fanya moja kila jioni, na pepa zima limekwisha kwa siku 14. Mapepa matano ni maswali 70, sawa na wiki 10. Ukianza mwishoni mwa Agosti, Novemba inakukuta umemaliza.

Twende na mfano tuone linavyokwenda. Shambani Korogwe, safu ya kwanza ina miche 12 ya mkonge, na kila safu inayofuata inaongezeka miche 3. Safu zote ni 20. Jumla ni miche mingapi?

Tumkalishe binti mmoja hapo mezani Kwamndolwa, saa ya ukutani mbele yake, daftari la majibu limefungwa. Anaandika 10 × (24 + 60), anapata 840. Dakika zinaisha, anafungua majibu: 810. Amekosa kwa miche 30 tu! Sasa hafuti, hajikaripii. Anatafuta mahali alipoteleza, anapaona: safu 20 zina nafasi 19 katikati yake, kwa hiyo ilikuwa 19 × 3, yaani 57, siyo 60. Anaandika mstari mmoja pembeni: «nafasi ni pungufu ya safu kwa moja.»

Halafu anatia alama. Anatumia tatu tu: vema kwa alichopatia, duara kwa alichokaribia, na msalaba kwa asichojua pa kuanzia. Haandiki alama kwa mia popote pale. Swali hili linapata duara.

Siku ya tatu analirudia, ila anabadilisha namba: safu 15, ya kwanza ina miche 10, ongezeko ni 4. Anapata 570, na ni sahihi. Wiki moja baadaye analigusa tena kwa namba nyingine, kisha anaachana nalo.

Je, wajua kwa nini namba lazima zibadilike? Kwa sababu kuna mtu anayemaliza mapepa 10 na bado anafeli, amekariri majibu! Utamjua upesi: ukimwachia 810 anaruka kwa furaha, ukigeuza 20 iwe 25 anaomba kalamu ya mwenzake. Mwingine anafungua majibu kwanza, anasoma, anatikisa kichwa, anasema «hii naijua.» Huyo amesoma tu, hajajipima hata mara moja.

Na msalaba ukitokea kwenye topiki ile ile mara tatu? Hapo tatizo si hofu. Hiyo topiki hukufundishwa au hukuielewa, na mapepa hayataifundisha. Tafuta mtu. Korogwe ina Chuo cha Ualimu, na walimu tarajali huingia mashuleni kufundisha kwa vitendo. Mfuate mmoja ukiwa na swali lako mkononi, kwa sababu swali moja mahususi hujibiwa haraka kuliko «mwalimu, sielewi hesabu.»

Je, wajua Baraza la Mitihani huandika kitabu kizima cha makosa ya watahiniwa? Kinaitwa Taarifa ya Uchambuzi wa Majibu ya Watahiniwa, na hutolewa kwa kila somo. Ndani yake kuna majibu halisi ya wanafunzi, sahihi na mabovu, na maelezo ya kwa nini yalikosa. Kipo bure kwenye tovuti ya Baraza, na mapepa ya nyuma yenyewe yamejaa kwenye maktaba ya mtandaoni ya TETEA. Simu moja ya mwalimu inaweza kulisha darasa zima la Handeni.

Jambo moja la kuangalia: fomati. Pepa la miaka mingi nyuma linaweza kuwa na idadi tofauti ya maswali, na la leo likawa na mpangilio mwingine. Mazoezi yake bado ni mazuri, ila usipangie muda kwa pepa lisilofanana na lako.

Wiki nne za mwisho, ongeza pepa zima kila Jumamosi. Kaeni darasani, madawati mbalimbali, saa 2 kamili asubuhi hadi saa 5, mmoja wenu awe msimamizi, na mwanzoni kila mtu avute pumzi taratibu kwa dakika mbili. Mtaona ajabu: Jumamosi ya kwanza wengi wanabanwa na muda kwenye Sehemu B. Ya nne, wamo wanaomaliza na kukagua.

Sasa asubuhi yenyewe. Novemba ni mwezi wa vuli, barabara za vijijini Handeni zinateleza, na bodaboda aliyeahidi anaweza asitokee. Kila kitu kifungwe jana yake: kalamu mbili, penseli, rula, sare. Lala mapema. Asubuhi kunywa uji uliouzoea, si chakula kipya cha bahati, na utoke nusu saa mapema kuliko siku zote.

Getini kuna kundi linaloulizana fomula. Lipite! Ukisikia moja usiyoikumbuka, hofu inaingia, na hakuna unachoweza kujifunza kwa dakika zile.

Ukishakaa, vuta pumzi taratibu kwa pua na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo kwa dakika mbili, kama ulivyofanya kila Jumamosi. Moyo ukiendelea kudunda, uache udunde. Mwili umejiandaa kwa kazi, na kazi yenyewe unaijua.

Je, wajua kijitabu cha majibu kinakupa kazi rahisi ya kwanza? Maelekezo yanataka namba yako ya mtihani kwenye kila ukurasa. Iandike vizuri, bila haraka: mkono unapata kazi usiyoweza kuikosea, na utetemeko unapungua. Kisha soma pepa lote, tia nukta kwenye maswali matano unayoyaweza zaidi, uanze nayo. Yakikaa sawa, 30 zako ziko mfukoni, na yote yanayofuata ni nyongeza.

Kuna ujanja mwingine uliovuma: kuandika hofu zako kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya mtihani. Utafiti wa mwaka 2011 uliusifu sana. Ulipokuja kurudiwa na wengine, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 hayakuonyesha nguvu ile. Ukipenda jaribu, lakini usiupe nafasi ya maswali 70.

Na kama usingizi umekatika kwa wiki nzima, chakula hakipiti, au mtoto anaanguka kila akisikia neno mtihani, hapo mapepa hayatoshi. Mzazi, mpeleke hospitali. Magunga ipo pale pale Korogwe mjini.

Wewe mwingine, swali la 1 linakungoja jioni hii. Funga majibu, weka saa, una dakika tisa na nusu.