Kabla ya Kuifumua Determinanti, Itafutie Sifuri

Milinganyo mitatu yenye x, y na z kwa kawaida huwa na jibu moja tu. Sasa weka herufi k mahali pa baadhi ya namba, uiache huru kuchukua thamani yoyote. Hapo huulizwi tena x ni ngapi. Unaulizwa k ikiwa ngapi jibu hilo moja linatoweka.

```
kx + y + z = 1
x + ky + z = 1
x + y + kz = 1
```

Anayejibu ni determinanti, namba moja inayokokotolewa kutokana na vizidishi vya x, y na z vikishapangwa katika mistari inayolala na safu zinazosimama:

```
k 1 1
1 k 1
1 1 k
```

Determinanti ikiwa si sifuri, jibu lipo na ni moja. Ikiwa sifuri, ama hakuna jibu kabisa ama majibu hayana mwisho.

Wanafunzi wengi huifumua papo hapo, wakapata k³ − 3k + 2. Hawajakosea, ila wamejitafutia kazi. Sasa inawabidi watafute vigawo vya usemi wenye kipeo cha tatu, ilhali vigawo hivyo vilikuwa vimekaa ndani ya mistari vikingoja kutolewa.

Itazame vizuri. Kila safu ina k moja na 1 mbili, kwa hiyo ukijumlisha namba za safu yoyote unapata k + 2. Basi ongeza mstari wa pili na wa tatu kwenye wa kwanza. Kuongeza mstari mmoja juu ya mwingine hakubadilishi determinanti hata kidogo. Mstari wa kwanza unakuwa k + 2 mara tatu, nasi tunakitoa nje kigawo hicho:

```
          1 1 1
(k + 2) × 1 k 1
          1 1 k
```

Kisha toa mstari wa kwanza kutoka wa pili, na kutoka wa tatu:

```
          1   1     1
(k + 2) × 0 k − 1   0
          0   0   k − 1
```

Hapa ndipo pa kufumua kwa kofakta, njia aliyoieleza Mfaransa Laplace mwaka 1772. Unachagua safu au mstari mmoja. Kila namba iliyomo unaizidisha kwa determinanti ndogo inayobaki ukifuta mstari na safu ya namba hiyo, huku alama zikipishana, chanya na hasi. Namba ikiwa sifuri, huna la kukokotoa. Safu yetu ya kwanza ina 1 na sifuri mbili, kwa hiyo kinachobaki ni (k − 1)(k − 1) peke yake. Determinanti yote ni (k + 2)(k − 1)², na inakuwa sifuri k ikiwa −2 au 1.

Mtego mkubwa uko kwenye kuzidisha. Mtu anataka sifuri chini ya k ya kwanza, basi anazidisha mstari wa pili kwa k ndipo atoe wa kwanza, na wa tatu anaufanyia vivyo hivyo. Akimaliza anapata k²(k + 2)(k − 1)², anaandika kwamba k = 0 nayo ni jibu. Lakini kila mstari unaozidishwa kwa k huizidisha determinanti nzima kwa k, na yeye amezidisha miwili. Ile k² ameileta mwenyewe. Kumgundua ni rahisi: weka 0 mahali pa k katika determinanti ya mwanzo, nayo inatoa 2, si sifuri. Kosa la upande wa pili ni kuugawa mstari kwa k + 2 na kukisahau kigawo hicho nje. Hapo −2 inapotea kimyakimya.

Tukirudi kwenye milinganyo, thamani hizi mbili hazifanani tabia. K ikiwa 1, yote mitatu inasema x + y + z = 1, na majibu hayana mwisho. K ikiwa −2, ijumlishe yote mitatu: kushoto kila kitu kinafutana, kulia inabaki 3. Sifuri haiwezi kuwa 3, kwa hiyo hakuna jibu.

Sasa badilisha namba za kulia tu, ziwe 1, 1 na −2. Determinanti ni ile ile, kwa kuwa namba za kulia hazimo ndani yake. K ikiwa −2, jumla inatoa 0 = 0, na majibu hayana mwisho. K ikiwa 1, x + y + z inatakiwa iwe 1 na papo hapo iwe −2, jambo lisilowezekana. Thamani ni zile zile mbili, ila zimebadilishana tabia. Kwa hiyo ukishazipata, kila moja irudishe kwenye milinganyo yenyewe uone inaleta nini.